Risiti ya Bi Benki

Maji yalikatwa mashine ikiwa imejaa mashuka ya watu, povu limepanda mpaka kwenye kioo, na hayajasuuzwa hata mara moja. Mama dobi alisikia bomba likikohoa ukutani, likakohoa tena, kisha likanyamaza kama mgonjwa aliyechoka kubishana na ugonjwa wake. Alidhani ni nguvu ya maji imepungua. Akatoka uani na ndoo mkononi, akawakuta vijana wawili wa mamlaka ya maji karibu na lango. Mmoja alikuwa amechuchumaa, anazungusha spana kwenye mita. Mwingine ameshika karatasi juu ya ubao.

"Kuna nini, wanangu?"

"Deni, mama. Bili ya mwezi uliopita."

"Tumelipa. Risiti ninayo kwenye simu, subirini niwaonyeshe."

"Kaonyeshe ofisini, mama," alisema yule wa ubao, bila ukali. "Sisi tumepewa orodha ya kukata. Kazi ya kusoma risiti ina wenyewe."

Mlango wa chumba cha jirani ukafunguka kwa kishindo. Mama Pacha akatoka na taulo begani, uso mzima mweupe kwa sabuni.

"Nani huyo amefunga maji na mimi nina povu machoni?"

"Wanasema hatujalipa," mama dobi alijibu.

Mama Pacha alifungua jicho moja, akalifunga upesi kwa uchungu. "Hatujalipa vipi, na picha ulitutumia?"

Swali lilikuwa la haki. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vilivyozunguka ua mmoja, na ua ulikuwa na mita moja ya maji, ya jina la mwenye nyumba ambaye hakuna aliyemwona zaidi ya kusikia sauti yake kwenye simu akidai kodi. Kila bili ilipokuja, wapangaji walichanga. Zamani walikuwa wakimtuma mtu kwenye foleni ya ofisi ya maji, na kila mwezi kulikuwa na ugomvi wa nani aende. Siku walipogundua kwamba mama dobi ana akaunti, na kwamba akaunti ile iko ndani ya simu na inaweza kulipa bili akiwa amesimama popote, ugomvi uliisha. Mama Pacha ndiye aliyembatiza Bi Benki, kwa mzaha, na jina likamganda kama gundi ya fundi viatu. Hata watoto waliotumwa kuomba chumvi walisema wametumwa kwa Bi Benki.

Utaratibu ukawa huo. Alipokea michango, akaenda dukani kwa wakala wa benki, akaiweka kwenye akaunti, akalipa bili palepale akiwa bado ameegemea dirisha la wakala. Kisha alipiga picha ya risiti iliyotokea kwenye kioo cha simu na kuituma kwenye kundi la wapangaji. Wao wakajibu kwa vidole gumba na viganja vilivyounganishwa vya shukrani, basi, mwezi umekwisha. Picha ikishafika kwenye kundi, maji yamelipwa. Hakuna aliyewahi kuwaza kuwauliza watu wa maji kama wao nao wanajua.

Kwamba alilipa palepale dirishani, bila kuiacha pesa ya watu ilale hata usiku mmoja, wengi waliona ni uaminifu. Ulikuwa uaminifu, lakini ulikuwa na mwenzake. Mashine ile ya kufulia aliinunua kwa mkopo, na rejesho la mkopo lilikatwa kwenye akaunti hiyohiyo, siku hiyohiyo ya kila mwezi, na benki yenyewe, bila kumwamsha. Nyumba ya wageni iliyomletea mashuka ilikuwa inalipa inapojisikia. Miezi mingine siku ya rejesho ilifika akaunti ikiwa kavu, na deni likabaki linamngoja humo ndani kama paka mlangoni mwa tundu la panya. Aliyajua hayo. Ndiyo maana pesa ya majirani aliipitisha mbio. Iliingia na kutoka kabla paka hajageuza shingo.

Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa za watu mezani mwake karibu na dirisha, alitoka akiwa bado amevaa kioo chake cha jicho moja. Alisikiliza pande zote.

"Tusipayuke," alisema. "Bi Benki aende ofisini na simu yake. Na mmoja wetu amsindikize."

"Kunisindikiza kwa nini? Njia naijua."

"Ili awe shahidi."

Alisema kwa upole kabisa, lakini neno lenyewe lilikuwa limebeba mzigo wake. Shahidi hatafutiwi mtu asiye na kesi. Mama dobi aliiweka ndoo chini. Miaka yote aliyokaa katika ua ule hakuwa na kitu cha kujivunia, si mume, kwa kuwa alifariki, si kiwanja, si watoto waliosoma. Alikuwa na hilo moja tu, kwamba watu walimpa pesa yao mkononi na kurudi kulala. Kama hilo lingeondoka, angebaki mpangaji mwenye kelele za mashine.

"Nitakwenda mimi," alisema Mama Pacha, anajifuta povu kwa pembe ya taulo. "Na kama kuna mtu amekula pesa yangu, huko huko tutajuana."

"Unamsema nani?"

"Simsemi mtu. Nimesema kama."

Ofisi ya maji ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya kioo na viti vya chuma vilivyounganishwa ili visiibwe. Foleni ilisogea kwa makalio. Aliyekuwa mbele akiinuka, wote walihama kiti kimoja. Mama Pacha alikaa ubavuni mwa mama dobi, karibu kuliko ilivyohitajika, na kila simu ilipofunguliwa alichungulia.

"Mbona hiyo picha umeikuza? Nataka kuona tarehe."

"Tarehe hiyo hapo."

"Na hiyo namba ni yetu?"

"Ya mteja. Ndiyo ile ile ya kwenye bili. Linganisha." Alimpa karatasi ya bili. Mama Pacha aliweka kidole juu ya tarakimu moja baada ya nyingine, midomo ikimcheza, mpaka mwisho. Zilifanana.

"Haya," alisema, kama mtu aliyenyimwa kitu.

Karani aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alichukua bili, akaingiza namba ya mteja kwenye kompyuta yake, akatazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono kutaka simu.

"Risiti yenu naiona," alisema. "Jina la kwetu lipo, namba ya mteja ni sahihi, kiasi ni kile cha bili. Lakini kwenye kitabu cha akaunti hii, malipo ya mwisho niliyo nayo ni ya mwezi wa nyuma yake. Haya hayajaingia."

"Pengine yameingia kwa mtu mwingine," mama dobi alisema.

"Namba ni sahihi, yasingekwenda kwa mtu mwingine. Ngoja lakini. Kuna malipo yanayotufikia bila kujulikana mwenyewe, tunayaweka pembeni mpaka ajitokeze." Karani aliandika ile namba ndefu ya muamala iliyokuwa juu ya risiti, ile inayotolewa na benki, akabonyeza, akangoja. "Na huko hayamo."

Mama Pacha aliegemea kioo. "Dada yangu, sema wazi. Risiti hii ni ya kughushi?"

"Sijasema hivyo."

"Nakuuliza sasa."

Karani alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Una risiti ya mwezi mwingine humo, mama? Ile iliyofika salama?"

Mama dobi alitafuta kwenye kundi, akaipata ya miezi miwili nyuma. Karani aliziangalia zote mbili, akaigeuza simu ili nao waone.

"Tazameni chini kabisa. Hii ya zamani ina namba ya benki, halafu chini yake kuna namba ya stakabadhi ya mpokeaji. Hiyo tunaitoa sisi. Mfumo wetu ukipokea malipo unawarudishia benki namba hiyo, nao wanaiandika. Sasa rudi kwenye hii mpya."

Mstari ulikuwepo. Stakabadhi ya mpokeaji, kisha nukta mbili, kisha pakavu.

"Maana yake benki walituma, sisi hatukuwajibu," karani alisema. "Siku ile mtandao kati yetu na mabenki ulisumbua, nakumbuka, tulitukanwa sana hapa. Una hakika pesa ilitoka kwenye akaunti yako?"

Mama dobi alifungua programu ya benki. Vidole vilikuwa vimelowa jasho, ikamkataa alama ya kidole, akaandika namba ya siri huku ameupinda mwili kumzibia Mama Pacha asione. Hakuwa akipenda kuifungua programu ile isipokuwa kwa kazi ya bili. Ilimwonyesha salio, na salio lake lilikuwa aibu. Hata jumbe za benki alikuwa amezinyamazisha tangu zilipoanza kumkumbusha mkopo, zinaingia kimyakimya na kurundikana bila kusomwa. Alichagua tarehe ya siku ile ya malipo, siku ile peke yake, na mstari ukatokea. Malipo ya bili, maji. Kiasi kilekile, upande wa kutoka. Namba ileile ya muamala.

"Umeona?" alimgeukia Mama Pacha. Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Umeona kwa macho yako? Imekatwa!"

Mama Pacha alisoma. Kisha alisoma tena, na kitu usoni pake kikalegea. "Imekatwa," alikubali. "Haki ya mama, imekatwa."

"Basi nendeni benki," karani alisema. "Ombeni taarifa ya akaunti, na isiwe ya siku hiyo tu. Chukueni kuanzia siku hiyo mpaka leo. Hiyo pesa ilitoka kwako, kwetu haikufika. Lazima kuna mahali imelala."

Njiani Mama Pacha alikuwa mtu mwingine. Alimshika mama dobi mkono kuvuka barabara, akamwomba radhi kwa namna yake, yaani kwa kuwatukana wengine. "Fundi Saa naye na ushahidi wake! Mtu anakaa anatazama vijidude kwa jicho moja, mwisho anaona kila mtu ana kasoro. Mimi nitawaambia. Nitasimama katikati ya ua niwaambie. Bi Benki ni msafi kama mashuka yake."

Mama dobi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu asubuhi.

Benki, mlinzi aliwatenganisha. Mwenye akaunti aingie, mwenzake akae kwenye benchi. Afisa aliyemhudumia alikuwa kijana nadhifu, mpole, mwenye tabia ya kugeuza kompyuta yake ili mteja naye aone, jambo ambalo siku nyingine lingemfurahisha. Alichapa taarifa ya akaunti kuanzia siku ya malipo mpaka siku hiyo. Karatasi ilitoka moja tu. Mambo yaliyotokea ndani ya akaunti ile yalikuwa machache.

"Hii hapa, mama." Afisa aliweka ncha ya kalamu kwenye mstari. "Malipo ya bili yalitoka. Sasa shuka chini."

Alishuka.

"Hapa siku tatu baadaye. Malipo yamerudishwa. Unaona kiasi? Kilekile, safari hii upande wa kuingia. Na namba ya muamala ni ileile iliyo kwenye risiti yako. Watu wa maji hawakuthibitisha, sisi tukalinganisha hesabu nao, tukaona hayakufika, tukakurudishia. Ndivyo inavyotakiwa."

"Mlinirudishia?"

"Tulikurudishia. Na ujumbe ulitumwa."

Mama dobi hakusema kuhusu jumbe. Jicho lake lilikuwa tayari limeteremka kwenye mstari uliofuata, wa siku ileile, na kabla kalamu haijafika alikuwa ameshausoma. Urejeshaji wa mkopo, deni lililopitiliza. Kiasi kilekile, upande wa kutoka.

"Rejesho lako lilipaswa kukatwa siku moja kabla," afisa alieleza, sauti imeshuka. "Akaunti ilikuwa haina kitu. Kukiwa na deni lililopitiliza, mfumo unangoja. Chochote kitakachokutwa humo usiku unakichukua."

"Lakini haikuwa pesa yangu. Ilikuwa ya wapangaji."

"Naelewa, mama. Mfumo haujui hilo. Akaunti ni yako."

"Risiti lakini inasema nimelipa! Hii hapa, soma."

Kijana aliipokea simu kwa mikono miwili, kwa heshima. "Hii ni picha, mama. Ni ya dakika ile uliyolipa. Mtu akipigwa picha anacheka, haina maana anacheka mpaka leo." Alipoona hakucheka, akaongeza upesi, "Unaweza kuandika ombi warudishe yale makato ya mkopo. Nitalipeleka. Lakini nisikudanganye, ulisaini wakati wa kukopa kwamba benki inaweza kukata. Na wakikubali, rejesho linabaki halijalipwa."

Alikaa akiitazama karatasi. Mistari mitatu tu. Kila mmoja ulikuwa wa kweli. Risiti ilisema kweli, karani wa maji alisema kweli, kijana huyu alisema kweli, na katikati ya ukweli huo wote yeye alikuwa amekula pesa ya majirani bila kuionja. Alijaribu kutafuta mahali alipokosea na hakupaona vizuri. Alitafuta mahali ambapo hakukosea, napo hapakumtosha.

Nje, Mama Pacha aliruka kutoka kwenye benchi. "Wamesemaje?"

"Wa... wanafuatilia."

Lilitoka lenyewe. Neno jepesi, neno la maofisini, lisilomaanisha kitu.

"Si nilisema! Wamekula hawa! Twende." Akamshika tena mkono, hakuuachia mpaka nyumbani.

Kufika nyumbani, mama dobi aliingia chumbani kwake na kusimama mbele ya mashine. Maji ya povu yalikuwa yamepoa, mashuka yameegemea kioo kama watu wanaochungulia kutoka gari la mahabusu. Bila maji hayangesuuzwa. Yasiposuuzwa, nyumba ya wageni isingelipa. Isipolipa, bili isingelipwa, na bila bili hakuna maji. Aliuzungusha mduara huo kichwani mara kadhaa akitafuta mlango, hakuuona.

Mama mkwe wake, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na masikio yakabaki makali, aliuliza kutoka kitandani, "Wamekupa jibu gani?"

Alimweleza yote, kwa kunong'ona. Ukuta wa chumba cha Mama Pacha ulikuwa wa mbao.

Bibi alifikiri. "Hiyo karatasi ina kurasa ngapi?"

"Moja."

"Ikunje hapo chini ya mstari wa kwanza."

"Mama!"

"Usiniite mama kwa sauti hiyo. Nakuuliza, nani atabisha? Benki inakula watu kila siku. Hata mimi nimewahi kuilaani na sina akaunti. Waache wailaani mwezi mmoja, wewe ukipata unalipa, maji yanarudi, mambo yanapita. Mkwe wangu, ukweli ni mzuri kwa mwenye kwake. Sisi ni wapangaji."

Nje, sauti ya Mama Pacha ilikuwa imeanza kupanda. Alikuwa amesimama katikati ya ua kama alivyoahidi.

"Nimekwenda mimi! Nimeona mimi! Pesa ilikatwa, nimeisoma kwa macho haya haya mawili, si kwa kioo cha saa! Mtu akimsema tena huyu mama aje anisemee mimi kwanza. Naapa kwa wanangu wote wawili!"

"Hakuna aliyemsema," Fundi Saa alijibu.

"Ulisema shahidi!"

"Nilisema. Na shahidi amerudi, tumshukuru Mungu. Sasa maji yanarudi lini?"

Mama dobi alisikia vicheko. Alisikia mtu akipendekeza wachange nauli waende wote benki wakafanye kelele, mwingine akisema ana binamu anayeandika magazetini. Kila neno la kumtetea lilikuwa kama mkono unaobana mlango kutoka nje. Kabla hajakwenda kokote walikuwa wakimshuku, na mshukiwa ana nafasi ya kujieleza. Sasa walikuwa wakimwapia. Mama Pacha alikuwa ameweka vichwa vya wanawe rehani juu ya karatasi ambayo hakuiona.

Aliitoa kwenye mkoba. Aliikunja chini ya mstari wa kwanza, aone inavyokaa. Ilikaa vizuri. Isingejulikana.

"Mama Pacha," aliita akiwa mlangoni, karatasi imenyooka. "Usiape tena, dada. Njoo usome."

"Nisome nini, nimeshaona."

"Umeona wa kwanza. Iko mistari mitatu."

Fundi Saa ndiye aliyeipokea. Alishusha kioo chake juu ya jicho na kusoma polepole kama anayetafuta jino lililovunjika kwenye gurudumu. Mtu alizima redio.

"Hapa imetoka," alisema. "Hapa imerudi kwako. Hapa imelipa mkopo wako."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nimejua leo. Ujumbe ulikuja, sikuufungua. Jumbe za benki huwa sizifungui."

"Kwa hiyo hukuiba."

"Sikuiba."

"Lakini pesa yetu imelipa mashine yako."

Alijaribu kupata neno la kuliweka katikati ya hayo mawili. "Imelipa," alisema.

Angetamani wapige kelele. Mama Pacha, ambaye kila mtu alimtazama, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuuliza pale mlangoni. Nilikuuliza wamesemaje."

"Nisamehe."

"Umeniacha nikaapa kwa wanangu. Kutoka benki mpaka hapa, njia nzima, nimekushika mkono."

Hilo ndilo lililomkata. Pesa ingelipwa, leo au kesho. Hilo la mkono hakuona lingelipwa na nini.

Mambo mengine yalikwenda haraka, kwa kuwa watoto walikuwa na kiu na vyoo havingoji. Wapangaji walichanga tena, kila mmoja nusu ya alichochanga mwanzo, Fundi Saa akamalizia kilichopungua pamoja na ada ya kufungulia. Mama dobi angewalipa kwa kuwafulia mpaka deni liishe, na Fundi Saa ndiye angekuwa na hesabu. Mtu mmoja alinyoosha bahasha ya michango kumpa, kwa mazoea tu, na mkono ukabaki umening'inia hewani. Yeye mwenyewe ndiye aliyerudi nyuma.

"Usinipe. Ikipita kwangu ikakwama, itakatwa tena. Bado kuna rejesho halijaisha."

"Basi ipite wapi?" Fundi Saa aliuliza. "Mimi sina akaunti."

"Nani anayo?"

Walitazamana. Mmoja alikuwa nayo, imefungwa. Mwingine alikuwa nayo, ila kadi iko kwa mke aliyeondoka.

"Ofisini wanapokea taslimu dirisha la mwisho," mama dobi alisema. "Wanatoa stakabadhi yao wenyewe, hapo hapo."

"Niletee," Mama Pacha alisema, akiinuka kwenye ndoo. Aliichukua bahasha, akaenda peke yake.

Alirudi jua limeanza kulegea. Vijana wa spana walikuwa bado hawajafika. Alivuka ua bila kusalimia, akapita mlango wake, akafika mlango wa mama dobi, akasimama. Mkononi alikuwa na kipande cha karatasi nyembamba ya mashine.

"Hebu iangalie," alisema. "Wewe ndiye unayezijua."

Mama dobi alijifuta mikono kwenye aproni. Alishika karatasi, ikakataa kuja. Mama Pacha alikuwa ameshikilia pembe ya pili na hakuiachia. Basi aliinamisha kichwa, akasoma akiwa amesimama hivyo, wote wawili wameishika.

"Namba ya mteja ni yetu," alisema. "Kiasi ni sawa, na ada ya kufungulia ipo. Namba ya stakabadhi hii hapa chini."

"Kwa hiyo imefika."

"Imefika kwao. Lakini usiniamini mimi. Piga simu pale ofisini, wape namba ya mteja, waulize salio la bili ni ngapi. Wakisema hakuna deni, hapo imefika."

Mama Pacha alitoa simu yake kwa mkono wa kushoto, akabonyeza namba ya ofisi kwa kidole gumba na kuiweka sikioni. Ilikuwa inaita. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeishikilia ile pembe.